JINIASI WA KIOONI, KITABUNI KIMYA: MAMA MASTAA, ACHENI KUWABEBESHA WATOTO MANENO MAZITO

Mjini hapa kuna fasheni mpya, na safari hii si wigi wala kucha. Ni kumsimamisha mtoto mbele ya kioo asubuhi, sare imenyooshwa, begi mgongoni, simu inarekodi. Mama anatamka, mtoto anarudia: "Mimi ni jiniasi. Mimi ni namba moja. Hakuna kinachonishinda." Kopa kopa zinamwagika, komenti za "Amina mama" zinapangana, na siku inaanza. Wenyewe wanayaita afamesheni, yaani maneno mazuri ambayo mtu anajitamkia kila siku mpaka ayaamini.

Aliyeipandisha chati fasheni hii ni mwigizaji mmoja wa kike wa filamu za Kibongo, jina kapuni, ambaye mwanawe wa kiume yuko darasa la pili. Klipu zake za kioo zimesambaa kuliko hata filamu zake. Majuzi kati alikuwa laivu na dogo kakaa pembeni, shabiki mmoja akaomba mtoto awasomee watu salamu fupi iliyoandikwa kwa Kiswahili cha kawaida kabisa. Mama kwa kujiamini akampa simu. Mtoto akasoma neno la kwanza, la pili akalibahatisha, la tatu akanyamaza. Mama akatoa kile kicheko cha kwenye kamera, akasema, "Baba, si wewe jiniasi wewe? Hebu waoneshe." Dogo akaiweka simu chini, akaondoka. Laivu ikakatwa.

Kilichofuata kinajulikana. Kundi moja likamcheka mtoto, jambo la aibu kwa watu wazima wenye vitambi vyao. Kundi la pili likamtetea mama: maneno yanaumba, muacheni amtamkie mwanawe mema, nyie mna wivu. Makundi yote mawili yamekosa shabaha. Mtoto hana kosa hata chembe, na mama hakupungukiwa upendo. Kilichokosewa pale ni sentensi. Na kwa kuwa sasa hivi nusu ya akina mama wa mjini wanaiga sentensi hiyohiyo, ni lazima iambiwe ukweli wake.

MTOTO SIO MJINGA, ANAPIGA HESABU

Mtoto wa miaka saba au nane anayehangaika kusoma anajua kuwa anahangaika. Haihitaji ripoti ya shule. Anaona mwenzake wa dawati moja akimaliza ukurasa wakati yeye bado yuko mstari wa pili. Anajua zamu ya kusoma kwa sauti ikikaribia tumbo linavyomkoroga, na anajua ujanja wa kuomba ruhusa ya kwenda chooni muda huo huo.

Sasa mtoto huyo asubuhi anaambiwa aseme "mimi ni jiniasi". Saa mbili baadaye anapewa kitabu na neno "nyanya" linamgomea. Kichwani mwake kuna hesabu mbili tu. Ya kwanza: mama anadanganya. Ya pili: majiniasi wanasoma, mimi sisomi, kwa hiyo mimi si jiniasi na siku yoyote mama atagundua. Hesabu zote mbili zinamfikisha mahali pamoja, yaani akimbie kitabu. Maana asipofungua kitabu, hakuna atakayemgundua.

Hili si umbea wa kijiweni. Mwaka 1998, watafiti wawili wa Marekani, Claudia Mueller na Carol Dweck, walitoa utafiti waliowapa watoto wa darasa la tano mafumbo ya kutatua. Baada ya mafumbo ya kwanza, watoto wote waliambiwa wamefanya vizuri. Lakini kundi moja likaongezewa kwamba lazima lina akili, na kundi jingine kwamba lazima limejitahidi sana. Kisha wote wakapewa mafumbo magumu, wakafeli. Halafu wakapewa tena mafumbo mepesi kama yale ya mwanzo. Waliosifiwa akili wakafanya vibaya kuliko walivyoanza. Waliosifiwa juhudi wakafanya vizuri zaidi. Na walipotakiwa kuwaandikia watoto wengine alama walizopata, wale wa "una akili" ndio waliodanganya zaidi.

Hapo utaona sentensi moja tu ya sifa, iliyosemwa mara moja na mtu baki, ilivyofanya kazi. Sasa mtoto anayeisikia kila asubuhi kutoka kwa mama yake mzazi, tena mbele ya mashabiki, anabeba mzigo wa kiasi gani?

"LAKINI MANENO YANAUMBA"

Hii ndiyo hoja kubwa ya watetezi wa kioo, na haipaswi kudharauliwa kwa sababu ni ya kweli. Maneno yanaumba. Mtoto aliyeitwa kilaza kila siku huishia kukaa kama kilaza. Mjomba anayekuja Jumapili na kuuliza "na huyu naye bado hajui kusoma?" anaumba kitu. Shangazi anayesema "mtoto wa jirani mbona anasoma mpaka gazeti" anaumba kitu. Hakuna anayebisha.

Swali ni neno gani linaumba nini. Kuna utafiti wa Uholanzi uliotoka mwaka 2019 ambao mama wa kioo angepaswa kuubandika kwenye hicho kioo chake. Watoto zaidi ya 200 wa shule za msingi, wa umri wa kuanzia miaka tisa, walipewa mtihani wa hisabati. Katikati ya mtihani walisimamishwa. Baadhi wakaambiwa wajisemee kimoyomoyo kwamba wao ni wazuri sana kwenye jambo hili. Wengine wakaambiwa wajisemee kwamba watajitahidi kadiri ya uwezo wao. Wengine hawakujisemea chochote. Kisha wakamalizia mtihani.

Wale watoto ambao tayari walikuwa hawajiamini ndio waliosaidika na maneno ya kujitahidi. Maneno ya "mimi ni mzuri sana" hayakuwasaidia. Ilikuwa hisabati, si kusoma, na walikuwa wakubwa kidogo kuliko watoto wa darasa la pili. Lakini ujumbe wake uko wazi: mtoto asiyejiamini hawezi kutamka jambo asiloliamini halafu likamshika. Anaweza kutamka jambo ambalo liko mikononi mwake kulifanya dakika hiyo.

Kwa hiyo kutamka si kosa. Kosa ni kutamka cheo. "Jiniasi" ni cheo, "namba moja" ni cheo, na cheo kinavuliwa. Lakini "nitaangalia neno mpaka mwisho wake" ni kazi. Mtoto anaweza kuifanya, akajiona ameifanya, na hakuna wa kumvua.

MAMA WA MBAGALA NA KADI ZA BOKSI

Sasa achana na mastaa kidogo. Mbagala kuna mama mmoja, anapika chapati na maharage asubuhi, ana binti wa miaka minane, darasa la pili. Naye alizikuta hizo klipu kwenye simu, akaona asipitwe. Kila asubuhi huku unga umemjaa mikononi anamwambia binti, "Sema mimi ni kichwa." Binti anasema. Jioni kitabu kikifunguliwa, ni kilio.

Akaenda kumlalamikia bibi mmoja mtaani, mwalimu mstaafu aliyefundisha darasa la kwanza miaka mingi. "Shikamoo Mwalimu. Mwanangu kichwa kigumu, nimemtamkia mpaka nimechoka." Bibi akaitikia marahaba, akauliza swali moja tu: "Anakwama wapi?" Mama akajibu, "Kusoma." Bibi akasema, "Kusoma si mahali, mwanangu. Mlete."

Binti akaletwa. Bibi akaandika "Juma ana kalamu." Mtoto akasoma, "Juma ana kaka." Akaandika "Mama anapika." Mtoto akasoma, "Mama anapiga." Bibi hakusema umekosa wala umepata. Akamwambia mama, "Umeona? Hajashindwa kusoma. Anaangalia mwanzo wa neno, mwisho anabuni."

Kisha akampima silabi. Mtoto aliimba ba be bi bo bu, ka ke ki ko ku, bila kukosea, kwa mahadhi yale yale ya darasani. Mama akafurahi. Bibi akafunika zote kwa kiganja, akaacha "ko" peke yake. Kimya. Mtoto akaanza tena kimoyomoyo kutoka "ka" mpaka akafika. Alikuwa anajua wimbo, hajui silabi. Mzazi yeyote anaweza kukigundua hiki kitu nyumbani kwa dakika mbili: asimwambie mtoto asome kwa mpangilio, amuoneshe moja moja kwa kuruka.

Dawa ilikuwa boksi la biskuti. Likakatwa kadi 20, kila kadi silabi moja. Kumi na tano za kawaida kama ka, la, mu, pi, go, na tano za zile ngumu za mwambatano: mba, nda, nya, mwa, na ng'o. Zikachanganywa kama karata. Siku ya kwanza binti alisoma 11 kwa kuziangalia tu, bila kuimba. Mama akaambiwa afanye hivyo dakika kumi kila jioni baada ya kuosha vyombo, kadi kwanza, halafu sentensi tatu fupi zinazotumia silabi hizohizo. Dakika kumi zikiisha, kitabu kinafungwa hata kama mtoto anataka kuendelea.

Na maneno? Bibi hakuyafuta. Aliyabadilisha, akayapangia muda.

MANENO MATATU, KILA MOJA NA SAA YAKE

Neno la kwanza linatamkwa kabla ya kufungua kitabu, na linatamkwa na mtoto mwenyewe: "Nitaangalia neno mpaka mwisho." Basi, hakuna kioo wala kelele. Kwa nini hilo? Kwa sababu ndilo tatizo la binti huyu. Mtoto mwingine ambaye anasoma kwa kukimbilia angepewa "nitasoma polepole, silabi moja moja." Anayechanganya b na d angepewa "nitatazama tumbo la herufi liko upande gani." Neno la kutamka linatoka kwenye kosa la mtoto husika, ndiyo maana haliwezi kunakiliwa kutoka kwenye klipu ya staa.

Neno la pili ni la pale anapokwama. Hapa ndipo wazazi wengi wanapoharibu, maana mtoto akikwama mama anapandisha sauti: "Si jana tu nimekufundisha?" Binti wa Mbagala alikuwa akikwama anasema, "Mama, mimi siwezi kusoma." Bibi akamfundisha mama asimbishie. Asiseme "unaweza!", kwa sababu mtoto ana ushahidi mezani kwamba hawezi. Amjibu hivi: "Hii bado hujaijua. Anza na unayoijua." Na mtoto ajifunze kujisemea, "Hii bado, naanza na ninayoijua."

Siku neno lilikuwa "nyanya". Binti akakwama. Akasema maneno yake, akafunika "nya" ya kwanza kwa kidole, akabaki na ya pili, akaona ni ileile. Mama akamuuliza, "Ipo kwenye kadi?" Akaenda kuitafuta kwenye kadi, akaipata, akairudisha mahali pake. Nyanya. Ilichukua karibu dakika nzima. Dakika hiyo ndiyo elimu yenyewe, na mama aliyekuwa akimtajia neno haraka ili wamalize alikuwa anamwibia.

Neno la tatu ni la mwisho, baada ya kitabu kufungwa. Hapo mama ndiye anayetangulia, na anasema kitu kimoja alichokiona kwa macho yake: "Leo ulisoma 'anapiga', ukarudi mwenyewe, ukasema 'anapika'. Sikukwambia." Kisha anauliza, "Wewe umeona umefanya nini?" Binti anajibu kwa maneno yake, "Nimerudi kuangalia mwisho." Hiyo sasa ndiyo afamesheni. Imetamkwa na mtoto, inamhusu mtoto, na ushahidi wake uko kwenye daftari.

Baada ya wiki tatu kadi zilikuwa 17 kati ya 20. Zilizobaki zilikuwa "mwa", "nda" na "ng'o". Ile "ng'o" ilimsumbua kwa sababu alikuwa anaisoma kama "ngo" ya ngoma. Mama akamuonesha kile kialama cha juu, akamtamkia ng'ombe na ngoma kwa kupokezana mpaka sikio likazoea tofauti. Kumbuka hakuwa ameanza kusoma vitabu vizima. Alikuwa bado nyuma ya wenzake. Lakini jioni moja alivuta boksi la kadi mwenyewe kabla ya kuitwa, na kwa mtoto aliyekuwa anakimbilia chooni akiona kitabu, hiyo ni safari ndefu.

UJANJA MWINGINE WA WAZAZI

Kuna wajanja watasoma hapa wataondoka na neno moja: juhudi. Kesho utawasikia, "Umejitahidi mwanangu, umejitahidi," huku mtoto akikosea silabi ileile mwezi wa pili. Hilo nalo ni tatizo. Carol Dweck huyohuyo mwaka 2015 alilazimika kuandika kuwakumbusha walimu na wazazi kwamba kusifu juhudi isiyozaa kujifunza si alichokusudia. Mtoto akisikia "umejitahidi" kila anaposhindwa, anaelewa haraka sana kwamba hiyo ni pole iliyovaa nguo ya pongezi.

Juhudi ikisifiwa bila kubadilisha njia, inageuka kuwa adhabu. Kama "nda" imegoma wiki mbili kwa kadi, basi iandikwe mchangani, itafutwe kwenye mabango ya njiani, ivunjwe sauti moja moja: n, d, a. Sentensi ya kusema siku hiyo ni "njia ile haijatusaidia, leo tunajaribu hii." Mtoto anasikia kwamba mbovu ni njia, siyo yeye. Na zaidi ya hapo, ni kweli.

Ujanja mwingine ni wa kugeuza maneno haya kuwa wimbo mpya. Ukimsikia mtoto anasema "nitaangalia neno mpaka mwisho" kwa mahadhi ya ba be bi bo bu huku macho yako dirishani, ujue limekufa. Mwache siku kadhaa, mpe jingine linalotokana na kosa jipya. Namna ya kupima ni rahisi: muulize, "Mpaka mwisho maana yake unafanya nini?" Asipoweza kukuonesha kwa kidole, anaimba.

Na ule wa tatu ndio mbaya kuliko yote, yaani kumrekodi. Mtoto anayehangaika kusoma anahitaji mahali pa kukosea bila hadhira. Mama akiinua simu tu, kikao kimegeuka mtihani wa mbele ya watu. Hakuna mtoto atakayerudi kusahihisha "anapiga" huku anajua mashabiki laki kadhaa watamuona alipokosea.

MANENO YANA MWISHO WAKE

Yapo pia mambo ambayo hakuna neno litayatibu, na mzazi mwenye akili anayachunguza mapema. Kama mtoto anasogeza kitabu mpaka puani, anakunja macho, au anasoma vizuri cha karibu na kushindwa kabisa cha ubaoni, apelekwe kupimwa macho. Kama anachanganya sauti hata wakati wa kuongea, au kila mara anauliza "eeh?", apimwe masikio. Ukimtamkia ujasiri mtoto asiyeona ubao, unamuongezea lawama tu.

Kugeuza b na d katika miaka ya mwanzo ya kusoma ni kawaida na watoto wengi wanaiacha. Lakini mtoto anayefundishwa kila siku kwa miezi, kwa njia tofauti, na bado kusoma kwake ni kwa kuvuta kama mkokoteni wenye pancha wakati mambo mengine anashika vizuri tu, huenda ana disleksia. Hiyo ni tofauti ya namna ubongo unavyoshughulikia maandishi na sauti. Haina uhusiano na ujinga, uvivu wala kurogwa. Kwa Kiswahili, ambacho kwa sehemu kubwa kinasomwa kama kinavyoandikwa, mara nyingi inajificha, kwa sababu mtoto anaweza kufika kwenye neno sahihi lakini kwa kuchelewa sana. Mzazi akiona hivyo aende kwa mwalimu wa darasa, aombe ushauri wa wataalamu wa elimu maalumu, na huku nyumbani aendelee na dakika zake kumi.

Na kwa mastaa wa inglishi midiamu kuna la ziada. Kiingereza herufi moja inabeba sauti kadhaa, kwa hiyo mtoto anayeanzia kusoma huko ana mlima mrefu zaidi. Kabla ya kulia kwamba dogo hajui kusoma, apimwe kwa kadi za Kiswahili. Tanzania ilibadilisha mtaala wa darasa la kwanza na la pili mwaka 2015 ili miaka hiyo miwili iegemee kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na silabi ndiyo mlango wake. Kama mtoto anasoma silabi za Kiswahili kwa kuruka bila shida, basi kusoma kama kusoma anakujua, kilichobaki ni lugha. Kama hata hizo zinamgomea, hapo ndipo pa kuanzia, ada iwe milioni ngapi.

BASI ITAKUWAJE?

Itakuwa hivi. Yule mwigizaji hana haja ya kuomba radhi mtandaoni, wala mtandao hauna haja ya klipu nyingine ya machozi. Azime simu. Akate boksi. Akae na mwanawe dakika kumi jioni, wawili tu, amchanganyie kadi na aone ni zipi zinagoma. Akishajua ndipo atakuwa na la kumtamkia mtoto, maana atakuwa anaongea kuhusu mtoto wake na siyo kuhusu jiniasi fulani wa kwenye kioo.

Na nyie mnaoiga, jiulizeni swali dogo usiku huu kabla hamjarekodi klipu ya kesho: mwanao anakwama kwenye silabi ipi? Kama jibu ni "kusoma tu", basi bado hujakaa naye, na hayo unayomtamkia kila asubuhi unajitamkia mwenyewe.

Wadau, uwanja ni wenu. Mwenye mtoto wa darasa la kwanza au la pili amchanganyie kadi leo, arudi hapa atuambie ni silabi gani imegoma. Matusi kwa mtoto wa watu yatafutwa.